Tawi linafungwa: tarehe ya tangazo ndiyo inayoamua

Nikiwa bado mchanga kwenye uhasibu nilikabidhiwa faili la kufunga tawi letu la Mwanza. Bodi ilikaa tarehe 14 Desemba, ikaamua, muhtasari ukasainiwa. Mwaka wetu wa hesabu uliishia tarehe 31 Desemba. Nikaona kila kitu kiko sawa, nikaingiza tengo (ofisini wengi tunasema provisheni), yaani deni la makadirio linaloingizwa kabla ya kulipwa, la shilingi milioni 63. Mkaguzi alipokuja Februari hakugusa kwanza hesabu zangu. Aliuliza: "Kabla ya tarehe 31, nani nje ya chumba cha bodi alikuwa anajua?"

Hakuna. Wafanyakazi waliambiwa tarehe 6 Januari. Tengo lote likafutwa.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu matengo, IAS 37, kinataka kuwe na wajibu siku ya kufunga mwaka, na wajibu lazima uwe kwa mtu mwingine. Bodi inayoamua jambo kimyakimya inaweza kulibadilisha kesho yake bila kumvunjia mtu ahadi. Wajibu unazaliwa pale wanaoguswa wanapokuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba tawi litafungwa kweli, ama kwa sababu wametangaziwa mambo makuu ya mpango, ama kwa sababu wameona utekelezaji umeanza, mfano mitambo inang'olewa.

Nyuma ya tangazo hilo lazima kuwe na mpango rasmi ulioandikwa kwa kina: sehemu gani ya biashara inafungwa na iko wapi, wafanyakazi wangapi takriban watalipwa kwa kuachishwa na wa kazi zipi, gharama ni kiasi gani, na utekelezaji utaanza lini. Utekelezaji ukipangwa mbali sana, tuseme miaka mitatu mbele, ni vigumu kusema watu wana matarajio ya kweli, maana mengi yanaweza kubadilika hapo katikati.

Kwa hapa Tanzania soma barua kwa makini zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, pale tu anapofikiria kupunguza watu, kisha ashauriane nao. Kwa hiyo barua ya kwanza mara nyingi husema "tunakusudia" au "tunaangalia uwezekano". Usikimbilie kuihesabu kuwa ndiyo tangazo. Tafuta ile inayosema tawi litafungwa, lini, na akina nani wanaguswa. Uvumi wa kantini hauhesabiki, hata ukiwa wa kweli.

Kwa hesabu zangu za mwaka ule kilichobaki kilikuwa maelezo tu. Tangazo lilitoka baada ya mwaka kufungwa lakini kabla hesabu hazijaidhinishwa, na jambo lilikuwa kubwa, hivyo tukalieleza pamoja na makadirio ya athari zake bila kugusa takwimu.

Hata kama barua zingetoka tarehe 22 Desemba, milioni 63 yangu bado ingekuwa makosa. Nilijumlisha kiinua mgongo na malipo mengine ya kuachishwa, milioni 38. Fidia ya kuvunja mkataba wa ulinzi, milioni 6. Kuwahamishia Dodoma watano wanaoendelea na kazi, milioni 9. Na hasara ambayo tawi lingepata Januari hadi Machi, milioni 21. Kisha nikatoa faida ya milioni 11 niliyoitarajia kwa kuuza jenereta na gari.

Kinachoingia ni gharama iliyoletwa moja kwa moja na kufunga, isiyohusiana na shughuli zinazoendelea. Kuhamisha watu wanaobaki ni gharama ya biashara ya kesho. Hasara ya miezi ijayo ni ya miezi hiyo. Faida ya kuuza mali inasubiri mauzo yenyewe. Zinabaki 38 na 6, yaani milioni 44. (Ile 38 kipimo chake kinatoka IAS 19, kiwango cha mafao ya wafanyakazi, ila katika kisa hiki ingeingia siku ileile.) Bonasi ya kuwashawishi watu wabaki hadi Machi usiiweke humo, ni malipo ya kazi watakayoifanya, inaingia kadiri wanavyoifanya.

Kodi ya pango nayo huwachanganya wengi. Chini ya IFRS 16 deni la pango la muda mrefu tayari liko kwenye mizania, ukiliwekea tengo umelihesabu mara mbili.

Na hapa ndipo mkaguzi alinikamata mara ya pili. Uamuzi ule wa tarehe 14 Desemba, uliokuwa dhaifu mno kuzaa tengo, ulitosha kabisa kuwa dalili ya kushuka kwa thamani ya mali chini ya IAS 36. Samani, jenereta na haki ya kutumia jengo vilipaswa kupimwa upya tarehe 31 Desemba, na muda wa matumizi ya vile vya kuachwa ufupishwe uishie Machi. Mimi nilikuwa nimeviacha na uchakavu wa miaka 8 kama kawaida.