Unataka kazi kwenye gemu za ushindani bila kucheza? Jifunze kwanza kupanga ratiba

Wengi wanaonijia wakitafuta kazi kwenye gemu za ushindani, na wanajua hawatakuwa wachezaji wa kulipwa, hutaja kazi tatu: ukocha, uchambuzi na utangazaji. Zote ni kazi nzuri. Lakini kocha anahitaji timu iliyokwisha kumwamini, mchambuzi hukaa na mechi zilizorekodiwa wiki nyingi kabla mtu hajaiona kazi yake, na mtangazaji lazima atangaze saa nyingi bila malipo mpaka sauti na maneno vimkae. Mimi niliingia kwa mlango wa uandaaji, na huo ndio ninaokushauri uuanze, kwa sababu mashindano madogo hayakosi pengo la msimamizi wa mechi. Anayeweza kupanga ratiba ikatimia huitwa tena.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa ya Counter-Strike 2, timu nane, kwa mtandao, siku moja. Nilichagua mtoano wa mara mbili: timu ikifungwa mara ya kwanza inashuka upande wa waliopoteza, ikifungwa tena inatoka. Kila mechi ilikuwa ya ramani tatu, anayeshinda mbili ndiye mshindi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno. Timu nane kwa mfumo huo hutoa mechi 14, nami nilikuwa na seva nne. Nikagawanya 14 kwa nne, nikaona ni kama awamu tatu na nusu, nikawaambia watu kwamba tukianza saa tatu asubuhi, jioni tutakuwa tumemaliza.

Kosa ni kwamba mechi za mtoano hazigawanyiki kwa idadi ya seva. Mechi nyingi haziwezi kuanza mpaka nyingine ziishe, kwa kuwa timu za kucheza bado hazijajulikana. Ichore kwenye karatasi utaona. Hatua ya kwanza ni mechi nne za ufunguzi. Ya pili ni nusu fainali za upande wa washindi, huku waliofungwa wakianza kucheza wao kwa wao. Ya tatu ni fainali ya washindi pamoja na mechi mbili za upande wa chini. Kisha inakuja nusu fainali ya chini, halafu fainali ya chini, halafu fainali kuu. Ni hatua sita, na tatu za mwisho zina mechi moja moja. Hata ungekuwa na seva mia, hizo tatu zingesubiriana tu.

Sasa weka dakika. Ramani moja ya Counter-Strike 2 inaisha timu ikifikisha raundi 13, na mimi huipangia dakika 45. Ramani tatu ni dakika 135. Ongeza mapumziko mawili ya dakika tano, na dakika 20 za timu kuingia kwenye seva na kuchagua ramani. Unapata dakika 165, yaani saa mbili na dakika 45. Mara hatua sita, ni saa 16 na nusu. Tulimaliza saa saba na nusu usiku. Mechi kadhaa ziliisha kwa ramani mbili, lakini muda tuliookoa hapo uliliwa na ucheleweshaji kwingine. Watangazaji wawili walikuwa wamekaukiwa sauti, na timu zilizofika fainali zilicheza kwa uchovu ambao hawakustahili. Niliona aibu mbele ya wachezaji wale, na bado nawakumbuka kila ninapofungua ratiba mpya.

Mara iliyofuata, timu zikiwa nane tena, nilitumia makundi mawili ya timu nne. Katika kila kundi kuna mechi mbili za ufunguzi. Washindi wanakutana, waliofungwa wanakutana. Kisha aliyeshindwa kwa washindi anacheza na aliyeshinda kwa waliofungwa, kugombea nafasi ya pili ya kundi ya kwenda nusu fainali. Hakuna anayetoka kabla ya kufungwa mara mbili, kwa hiyo haki ya mtoano wa mara mbili imebaki hatua hiyo yote. Baada ya hapo ni nusu fainali na fainali. Jumla mechi 13, pungufu ya moja tu, ila hatua zimekuwa tano. Na kwa kuwa kwenye kundi ukifungwa mara moja bado hujatoka, niliona ni sawa mechi za makundi ziwe za ramani moja: dakika 45 na 20 za maandalizi, 65 kwa hatua. Hatua tatu za makundi ni dakika 195. Nusu fainali zote mbili zikichezwa kwa wakati mmoja ni 165, na fainali 165. Jumla dakika 525, saa nane na dakika 45. Ukianza saa tatu asubuhi unamaliza saa kumi na mbili kasorobo jioni.

Hapo pana mtego. Ukitaka nusu fainali zote mbili zitangazwe na una watangazaji wawili tu, hazitachezwa pamoja tena. Umeongeza dakika 165. Amua mapema ni ipi itakayoonyeshwa, na uwaambie watangazaji siku kadhaa kabla ili wajiandae.

Kitu kinachoharibu ratiba nzuri ni mwanya kati ya mechi. Mimi huandika saa nne kwa kila mechi: iliyopangwa, ya wachezaji wote kumi kuwa ndani ya seva, ya raundi ya kwanza, na ya kumaliza. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba ramani zilikuwa zinaisha ndani ya muda niliozipa, lakini zile dakika 20 za maandalizi zilikuwa zinafika 35. Timu zilikuwa zinabishana kuhusu ramani zikiwa tayari zimeingia. Nikahamisha uchaguzi wa ramani ufanyike mara tu wapinzani wanapojulikana, na kanuni ikasema anayechelewa dakika 15 anapoteza ramani.

Jambo la pili ni mchezaji kukatika mtandao. Kanuni yetu ni kwamba akikatika kabla mtu yeyote hajajeruhiwa kwenye raundi, raundi inarudiwa; damu ikishamwagika, inaendelea, na mechi inasimamishwa kabla ya raundi inayofuata. Iandike kabla ya siku yenyewe, maana kuiamua wakati timu moja inaongoza ni kukaribisha tuhuma. Seva huhifadhi hali ya kila raundi, kwa hiyo kama wamekatika mwanzoni mwa raundi ya tisa, unarudisha hali ilivyokuwa baada ya nane:

```
mp_backup_restore_loadfile backup_round08.txt
mp_unpause_match
```

Amri ya pili unaiandika baada ya manahodha wote wawili kuthibitisha kwamba matokeo na fedha za wachezaji ndani ya gemu viko sawa. Jizoeze kwenye seva tupu kwanza. Nimeona msimamizi akirudisha faili la raundi isiyo yake huku watazamaji wakisubiri, na timu iliyoathirika haikurudi kwenye mashindano yale.

Ukiomba kazi kwa waandaaji wakubwa zaidi, wapelekee kurasa tatu: mchoro wa hatua za mashindano uliyosimamia, jedwali la zile saa nne za kila mechi, na kanuni zako za kuchelewa na kukatika. Pale ratiba ilipopitiliza, usiifute. Andika pembeni ilipitiliza kwa dakika ngapi, kwa sababu gani, na mara iliyofuata ulibadilisha nini.