Soma anwani kutoka kulia, kisha hesabu miezi

Swali la wiki: "Ndugu zetu walio nje ya nchi wanatafuta kazi za mtandaoni na ufadhili wa masomo. Tovuti ya kuaminika wanaijuaje? Wewe ulimsaidiaje wako?"

Mimi ni mwalimu, naishi Mwanjelwa hapa Mbeya. Mdogo wangu alikwenda Ujerumani mwanzoni mwa Septemba 2022 kwa mwaka mmoja wa kujitolea, kupitia uhusiano wa makanisa. Kwetu njia hiyo ni ya zamani. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na mpaka leo vijana wanakwenda na kurudi. Alikuwa na shahada yake na alikuwa ameshafanya kazi Tukuyu miaka miwili na nusu. Alipofika kule akaanza kutafuta ufadhili wa shahada ya uzamili.

Katikati ya 2023 linki ikaingia kwenye kundi lao la WhatsApp. Ukurasa ulikuwa wa Kiswahili safi, na juu kulikuwa na nembo ya DAAD, shirika la Kijerumani linalofadhili wanafunzi wa kigeni. Akanipigia: "Dada, nafasi zimebaki chache, wanataka euro 85 za kushughulikia faili." Nikamwambia asilipe kwanza. Anitumie anwani yenyewe, si picha ya ukurasa.

Anwani ilikuwa ya namna hii:

```
https://www.daad.de.ufadhili-tz.info/maombi
```

Jicho linakamata `daad.de` na kuridhika. Lakini mwenye tovuti hajulikani kwa kusoma kutoka kushoto. Ruka zile alama mbili za mkwaju za mwanzo, tafuta mkwaju unaofuata, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto: unakuta `info`, halafu `ufadhili-tz`. Hapo ndipo penye mwenyewe. Yaliyotangulia yote, pamoja na hilo jina la DAAD, mwenye `ufadhili-tz.info` anaweza kuyaandika apendavyo bila kumwomba mtu ruhusa. Tovuti halisi ya shirika hilo ni `www.daad.de`, na baada ya `de` unakuja mkwaju moja kwa moja. Kwa tovuti za nyumbani kuna nafuu kidogo, kwa kuwa `.go.tz` ni ya serikali na `.ac.tz` ni ya taasisi za elimu. Mtu wa mtaani hajisajilii tu.

Nikaliingiza lile jina kwenye `lookup.icann.org`, huduma ya bure inayoonyesha jina la tovuti lilisajiliwa lini. Penye neno `Created` palionyesha wiki tatu tu zilizopita. Umri mkubwa hauthibitishi uaminifu, na kwa majina ya `.de` huduma hiyo haikuambii mengi. Lakini shirika la miaka mingi haliwezi kuwa na mlango rasmi uliofunguliwa wiki tatu nyuma.

Kuhusu pesa, wengi husema ukiombwa chochote ujue ni utapeli. Umoja wa Mataifa kweli unatamka kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Ila kwa masomo ukiishika kanuni hiyo bila kubagua utakosa chuo. Vyuo vingi vya Ujerumani hupitisha maombi kwa uni-assist, taasisi inayokagua vyeti vya kigeni, nayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi linaloongezwa katika muhula huohuo. Hiyo ni halali. Tofauti yake ni kwamba ada imeandikwa wazi kwenye tovuti yake, ni ya kukagua maombi ya chuo, na wala haimwahidi mtu ufadhili. Anayekuuzia nafasi ya ufadhili, na pesa iende kwenye akaunti ya mtu binafsi, huyo ni tapeli.

Baada ya hapo mdogo wangu akahamia kwenye tovuti zinazokusanya matangazo ya ufadhili kutoka kila pembe. Nyingi si za kitapeli. Mimi naziona kama ubao wa matangazo sokoni: zinakujulisha kwamba kitu kipo, basi. Iliyo nzuri inakupeleka kwa mwenye tangazo kwa linki moja. Inayokuzungusha kurasa tano za matangazo ya biashara bila kukufikisha kwa mwenyewe, achana nayo.

Hata ile nzuri ilimwangusha mdogo wangu mahali ambapo walioko nje huangukia sana. Ilieleza vizuri mpango wa DAAD uitwao EPOS, wa shahada za uzamili kwa watu wa nchi zinazoendelea: uwe na uzoefu wa kazi angalau miaka miwili, na shahada yako ya mwisho kwa kawaida isizidi miaka sita. Vyote alikuwa navyo. Sharti lililoachwa ni kwamba mwombaji asiwe ameishi Ujerumani zaidi ya miezi 15 kufikia siku ya mwisho ya maombi. Mwandishi wa ule ubao alimfikiria msomaji aliye Mbeya au Iringa, ambaye sharti hilo halimgusi.

Tukafungua ukurasa wa mwenyewe, tukahesabu kwa vidole kwenye simu. Katika mpango huo maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye kozi, na kila kozi ina tarehe yake. Kozi aliyoipenda zaidi ilifunga katikati ya Januari 2024. Angekuwa ametimiza miezi 16 na zaidi. Ya pili ilifunga mwisho wa Oktoba 2023, miezi 14 hivi. Ile ya kwanza akaiacha kwa uchungu, akaomba ya pili. Kama angesubiri aboreshe Kijerumani chake kwanza, kama alivyokuwa amepanga, angekosa zote mbili. Kwa hiyo aliye nje aanze na maneno haya katika ukurasa wowote: uraia, makazi, na amekaa huko muda gani. Ufadhili wa Marekani uitwao Fulbright, wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ambao Kiswahili kimo, unamtaka mwombaji awe anaishi nchini kwake wakati wa kuomba na kuchujwa. Mtanzania aliye Nairobi au London akiusoma juujuu atapoteza miezi.

Kwa kazi za mtandaoni nitasema ya tafsiri tu, maana ndiyo niliyoishuhudia. ProZ.com ni soko la watafsiri lililoanza mwaka 1999, na faida yake kubwa ni Blue Board, daftari ambamo watafsiri huwapa alama mawakala waliowahi kuwafanyia kazi. Angalia kama alama ni za karibuni. Kisha linganisha barua pepe uliyopokea na anwani iliyo kwenye tovuti ya wakala, kwa sababu matapeli huazima jina la wakala mzuri na kuandika kwa Gmail. Akikutumia hundi yenye kiasi kikubwa kuliko mlivyokubaliana, akaomba umrudishie kinachozidi, usirudishe. Hundi itakataliwa baadaye na deni litakuwa lako.

Hata kazi ikiwa safi, viza ina neno lake. Kutafsiri kwa malipo ya kila kazi kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kujiajiri. Uingereza mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata zile saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa kuajiriwa wakati wa muhula hazimsaidii. Ujerumani mwanafunzi ana siku 140 nzima za kazi kwa mwaka, lakini kujiajiri kunahitaji kibali cha ofisi ya wageni ya mji wake. Mdogo wangu aliandika kwanza kuomba kibali hicho, na barua aliyojibiwa ameihifadhi pamoja na kurasa za masharti tulizozipakua zikiwa na tarehe, kwa sababu masharti hubadilika kila mwaka.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya