Sheferi, sekta, teritwari: kipi kibaki, kipi kitafsiriwe?

Swali: "Natafsiri cheti cha kuzaliwa cha Kongo kwenda Kiswahili kwa ofisi ya Tanzania. Maneno ya Kifaransa niyaache au niyatafsiri?"

Ndugu, tazama kama kitu hicho kina mwenzake Tanzania. Teritwari ya Fizi iandike Wilaya ya Fizi bila wasiwasi, kazi zao zinafanana vya kutosha. Provansi ni mkoa. Wakongo wengi husema jimbo, lakini Mtanzania ataelewa jimbo la uchaguzi.

Ugumu uko chini ya wilaya. Uvira ina sheferi ya Bafuliiru, inayoongozwa na mwami kwa urithi wa mila. Fizi ina sekta ya Mutambala, ambayo mkuu wake hakai kwa urithi. Ukiziita zote mbili tarafa, tofauti hiyo imepotea, na cheo cha aliyetia sahihi hakitaeleweka. Hapo acha neno, ulieleze mara ya kwanza tu: "sheferi (eneo la utawala wa kimila)". Sekta nayo iongezee "ya kiutawala", maana peke yake inasomeka kama sekta ya kilimo au afya.

Majina ya mahali usiyaguse kabisa, hata tahajia. Karani atayalinganisha na pasipoti herufi kwa herufi.