Paka mzee, ALT imepanda: pimeni tezi ya shingo kabla ya kukata ini

"Wakuu, paka wangu ana miaka 12. Majibu ya damu: ALT 232, ALP 140, bilirubini iko sawa. Anakula kuliko zamani ila anakonda. Daktari anasema tukate kipande cha ini kipimwe. Naogopa nusu kaputi. Nianzie wapi?"

Mkuu, kisu kisubiri. Mwambie daktari apime T4, homoni ya tezi ya shingo. Mara nyingi damu ile ile iliyobaki maabara inatosha, kama haijakaa sana.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Wangu, Kijivu, alikuwa na miaka 13, ALT 238. Nilimnunulia dawa za kusaidia ini miezi miwili, na kila tukirudia kipimo namba iko pale pale. Kumbe dalili nilikuwa naziona kila siku nikazitafsiri vibaya: analamba sahani mpaka inateleza sakafuni, usiku anazurura akilia, maji anakunywa mengi, na mgongo umebaki mifupa. Mimi nafurahi, "mzee ana hamu ya kula".

ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya chembe za ini. Ikionekana nyingi kwenye damu, ujue chembe zinaumia na kuvuja, lakini haikwambii nani anaziumiza. Tezi ikizidisha homoni, mwili mzima unaenda mbio, na ini nalo linaumia bila kuwa na ugonjwa wake lenyewe. ALP nayo, kimeng'enya kingine cha ini, usiidharau eti imepanda kidogo. Kwa mbwa inakaa kwenye damu siku kadhaa, kwa paka nusu yake inaondoka ndani ya saa 6 hivi. Ikionekana juu, kuna jambo linaendelea sasa hivi. Na kwa paka ambaye tezi yake imezidisha homoni, sehemu ya hiyo ALP hutoka kwenye mifupa, wala si kwenye ini.

Daktari wa pili hata hakuanza na karatasi. Alimnyanyua Kijivu kidevu, akapitisha vidole viwili taratibu pande zote za koo kutoka chini ya taya hadi kifuani, akanishikisha na mimi: kitu kama punje ya mbaazi kinateleza chini ya kidole. Usipokipata bado usiseme hana, maana tezi ikikua huweza kushuka mpaka kifuani.

Sasa angalia hapa, ndipo nilipokaribia kupotea tena. Damu ilipelekwa maabara ya binadamu. T4 ikarudi 96 nmol/L, pembeni imeandikwa "kawaida". Kawaida ya nani? Ya mtu, ambaye kwake 60 hadi 150 hivi ni sawa. Paka asiye na ugonjwa huwa chini ya 60 au karibu na hapo. Mashine ilipima vizuri, kiwango ndicho hakikuwa cha paka. Ukipeleka sampuli huko, chukua namba uisome kwa viwango vya paka. Ikija upande wa juu wa kawaida ya paka, tuseme 40, na dalili zote zipo, rudia baada ya wiki chache, kwa sababu ugonjwa mwingine huishusha T4 ukaficha ugonjwa wa tezi.

Tulianza kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya tezi, kwa kipimo alichopanga daktari. Wiki ya 6 ALT ilikuwa 61. Dawa ya ini hakuna hata moja. Ila kila mkirudia T4 pimeni na kreatinini, kipimo cha figo, kwa kuwa tezi inayokimbia hupeleka damu nyingi kwenye figo na kuficha figo mbovu. Ukiituliza, ubovu unajitokeza. Akianza kujikuna uso mpaka vidonda au kutapika, rudi haraka, dawa yenyewe huweza kudhuru, na ini pia.

T4 ikiwa sawa kweli, au ikashuka kwa dawa na ALT ikabaki juu, hapo ndipo altrasaundi ya ini, nyongo na kongosho. Asidi za nyongo, ile ya kutoa damu akiwa na njaa kisha saa 2 baada ya kula, hupimwa kujua kama ini linafanya kazi. Bilirubini ikishapanda kwa ajili ya ini, kipimo hicho hakikuongezei kitu, usikilipie. Na kabla ya sindano au kisu kuingia kwenye ini, damu ipimwe inavyoganda. Paka wa ini mara nyingi hupungukiwa vitamini K, madaktari wengi humchoma hiyo kwanza.

Haya yote ni kwa paka anayekula. Akigoma kula siku mbili tatu, hasa aliyekuwa mnene, au ukiona manjano ndani ya masikio na kwenye fizi ukimtazama juani, acha kusubiri T4. Hapo mafuta yanaweza kuwa yanajaa kwenye ini, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, maana tiba kuu ni kumlisha kwa mrija.