Dola mia ambayo hakuna anayelipwa

Mashine yangu ya kusaga mahindi iko Katuba, hapa Lubumbashi. Niliinunua kwa makuta ya likelemba, na ilipofikisha mwaka mmoja nikaenda kuomba mkopo ili niongeze ya pili. Nilipeleka hesabu ya mwezi niliyoiandika mwenyewe kwenye daftari: mauzo dola 900, umeme 220, mshahara wa kijana anayesaga 250, kodi ya nyumba 100, nyundo na chekeche za mashine 50. Inabaki 280. Nikaandika: faida, dola 280 kwa mwezi.

Bwana wa mikopo akaisoma, akachukua kalamu na kutoa 100 nyingine. Faida ikawa 180.

Nilikasirika. Nikamuuliza, “Papa, hiyo dola mia ninamlipa nani?” Akajibu, “Humlipi mtu, Mama. Ulishalipa siku uliyonunua mashine.”

Ilinichukua siku kadhaa kuielewa sentensi hiyo, kwa hiyo naieleza polepole. Mashine ilinigharimu dola 4,800, na kuisafirisha kutoka Kasumbalesa pamoja na kuifunga kukala 600. Jumla 5,400, kwa sababu gharama ya kuifikisha mahali pake ni sehemu ya bei yake. Tulikadiria itafanya kazi miaka 4, kisha niiuze kama chuma kwa 600. Maana yake ndani ya miezi 48 zitamalizika dola 4,800, yaani 100 kila mwezi. Huo ndio uchakavu.

Sasa tazama makuta yenyewe. Dola 5,400 zilitoka mkononi mwangu siku moja, kabla sijasaga hata meka moja ya mahindi. Tangu hapo hakuna anayekuja kudai mia yake mwisho wa mwezi. Lakini unga ninaouza leo unaila ile mashine. Nikiandika faida 280 na kuitumia yote nyumbani, tutakuwa tunakula bukari pamoja na chuma kilichousaga, na baada ya miaka 4 nitabaki na vyuma vya kuuza.

Ndiyo maana yule bwana alitaka majedwali mawili. La faida lilionyesha 180, ili ajue kama kazi inaweza kujibeba na mashine yake. La makuta linaanza na ile 180, kisha linairudisha mia, kwa sababu haikutoka: 180 na 100 ni 280. Hizo 280 ndizo zilizomo kwenye sanduku, na ndizo angeziangalia ili ajue kama nitaweza kulipa deni kila mwezi. Sikukosea kuzihesabu. Nilikosea kuziita faida.

Ninaowasaidia hesabu sokoni wengi hukosea upande mwingine. Wanaandika bei yote ya mashine kama gharama ya mwezi wa kwanza, halafu wanatoa tena uchakavu kila mwezi. Hapo mashine imehesabiwa mara mbili, na mradi mzuri unaonekana wa hasara. Bei kamili huandikwa kwenye jedwali la makuta, siku inapolipwa. Kwenye faida huingia vipande vyake tu. Na nyundo zikiviringika ncha, ukaona unga unatoka wa moto na mnene, ukazibadilisha, hayo ni matengenezo: umelipa kweli, na yanakaa mbali na uchakavu.

Mkopo ule sikuuchukua mwishowe. Nikaanza kuweka dola mia pembeni kila mwezi, maana kuandika uchakavu kwenye daftari hakuweki kitu kwenye sanduku.

Makadirio yetu ya miaka 4 hayakutimia. Umeme wa kupandashuka uliunguza mota, tumbo la mashine nalo likawa limetoboka, na mwisho wa mwaka wa 3 fundi akasema hakuna cha kuokoa. Kwenye daftari ilikuwa bado na thamani ya 1,800, yaani 5,400 nikitoa miezi 36 ya mia mia. Wanunuzi wa chuma wakanipa 200. Mwezi huo niliandika hasara ya 1,600, ingawa makuta hayakutoka. Yaliingia, zile 200. Miezi 24 ya kuweka akiba ilikuwa imenipa 2,400. Jumla nilikuwa na 2,600, na mashine nyingine kama ile, bei haikuwa imebadilika, ilitaka 5,400.

Pengo la 2,800 nililijaza kwa likelemba mbili na shemeji yangu. Mashine mpya nimeiandikia miaka 3 na bei ya chuma 200: 5,200 kugawanya kwa 36, karibu dola 144 kwa mwezi. Mauzo ni yaleyale, sanduku lina 280 zilezile, na faida ninayoiandika sasa ni 136.