Slaidi 11 za kujisifu: nilivyojifunza kupanga wasilisho la zabuni ya ujenzi

Tulipewa dakika 20 za kuwasilisha na 15 za maswali. Kazi yenyewe ilikuwa kujenga jengo la ghorofa 3 ubavuni mwa wodi ya hospitali, na wodi hiyo ingeendelea kulaza wagonjwa muda wote wa ujenzi. Slaidi niliziandaa mimi. Zilikuwa 26, na kati ya hizo 11 zilihusu kampuni: historia, wakurugenzi, vyeti, orodha ya mitambo, na picha za miradi 14. Nyingine 6 zilihusu mbinu za utekelezaji, 4 wataalamu, 3 bei, na 2 zilizobaki ni jalada na ile ya kusema asanteni.

Dakika ya tisa bosi wetu alikuwa bado kwenye picha za madaraja. Mmoja wa wajumbe wa kamati, daktari, akainua mkono: "Wagonjwa wangu watakuwa wapi siku mtakapotoboa ule ukuta?" Jibu tulikuwa nalo, tena zuri, lakini lilikaa slaidi ya 17. Tukaanza kurukaruka mbele na nyuma kulitafuta huku kamati inatuangalia.

Tukakosa kazi kwa alama 4. Barua ya matokeo ilikuwa na mchanganuo wa alama, na mchanganuo huo umenifundisha kuliko semina zote nilizokaa.

Mgawanyo ulikuwa hivi: mbinu za utekelezaji alama 35, wataalamu 20, uzoefu wa kampuni 15, bei 30. Haukuwa siri. Ulichapishwa kwenye nyaraka za zabuni tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nimeusoma. Hata hivyo, slaidi 11 nilizipa jambo la alama 15, na slaidi 6 jambo la alama 35. Kwenye mbinu tulipata 21. Kwenye uzoefu tulipata karibu zote.

Na bei, ambayo ofisini wote waliilaumu, ilituumiza kidogo tu. Tulikuwa juu ya mzabuni wa chini kwa asilimia 6. Kanuni iliyotumika ni ile ya kawaida: bei ya chini kuliko zote inagawanywa kwa bei yako, kisha inazidishwa kwa alama za bei. Kwa hiyo 100 gawanya kwa 106, mara 30, unapata 28.3. Tulipoteza alama 1.7 tu kwa bei, na 14 kwa mbinu. Kushusha bei hadi kumfikia yule wa chini kungekula faida yote na bado tungeshindwa. Kueleza vizuri jambo tulilokuwa tumeshalifikiria kungetosha. Tangu hapo, kabla ya kufungua PowerPoint, nafanya hesabu hiyo kwenye karatasi ili nijue alama ziko wapi.

Jambo la pili nililoligundua ni kwamba wasifu wa kampuni ulikuwa umeshafanya kazi yake. Usajili, kodi, bima, mauzo ya miaka iliyopita: hayo ni mambo ya kupita au kutopita, na aliyekosa moja hakuitwa kuwasilisha. Sisi tulioitwa tulikuwa tumeshapita mlangoni, tukatumia dakika 9 kuonyesha tena tiketi.

Miezi kadhaa baadaye ikaja kazi inayofanana na ile, hospitali nyingine. Safari hii nikaanza na mbinu.

Slaidi ya kwanza baada ya jalada ilikuwa ramani ya eneo lao, waliyotupa wenyewe kwenye nyaraka, na juu yake mambo matatu yanayoifanya kazi iwe ngumu: ukuta unaopakana na wodi, geti moja linalotumiwa na magari ya wagonjwa pamoja na malori yetu, na bomba la maji linalopita mahali pa msingi. Hakuna jina letu wala sifa yetu. Mteja anayeona shida yake imesomwa vizuri anakaa sawa kwenye kiti, nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Slaidi sita zilizofuata zilishughulikia mambo hayo matatu. Nitaeleza ule ukuta, kwa sababu hapo ndipo utaona tofauti ya mbinu na maneno matupu. Toleo la zamani liliandika: "Tutadhibiti vumbi kwa viwango vya hali ya juu." Sentensi hiyo ungeweza kuihamishia kwenye ujenzi wa ghala na isibadilike hata neno, kwa hiyo haina alama. Toleo jipya lilisema tutajenga kizuizi cha mbao na plastiki kutoka sakafuni hadi kwenye dari upande wa wodi kabla ya kugusa tofali, tutafunga matundu ya hewa yaliyo karibu, na tutaweka feni zenye chujio upande wa kazi ili hewa ivutwe kutoka wodini kuja kwetu na si kinyume chake. Tulieleza pia sababu: vumbi la kuta za zamani hubeba mbegu za kuvu, na kuvu hizo huweza kumuua mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Kisha tukaonyesha ukanda mwepesi unaoning'inizwa kwenye mlango wa kizuizi. Ukielekea upande wa kazi, hewa inakwenda inakotakiwa. Ukilegea au ukigeuka, kazi inasimama. Muuguzi yeyote anaweza kuusoma akipita.

Ratiba nayo niliibadilisha. Zamani nilikuwa nabandika chati nzima yenye mistari zaidi ya 100, ambayo ukutani inaonekana kama kitenge. Sasa naweka mistari 8 au 9 tu: zile kazi ambazo moja ikichelewa, tarehe ya kukabidhi inachelewa nayo. Na pembeni naandika mteja anatakiwa kuamua nini na lini. Chati nzima inakaa kwenye kiambatisho.

Baada ya mbinu wanakuja watu. Sababu ni nyepesi: ukishasema kizuizi kitakaguliwa kila asubuhi, swali linalokuja lenyewe ni nani atakagua. Slaidi ya wataalamu ikitangulia mbinu, inakuwa orodha ya shahada. Ikifuata, kila jina lina kazi ambayo kamati imeshaisikia. Nilikata muundo wa uongozi wenye visanduku 19 nikabakisha watu 5 watakaoonekana kwenye eneo la ujenzi, kila mmoja na muda wake: msimamizi wa ujenzi siku zote, mhandisi wa miundo siku 2 kwa wiki, na kadhalika. Mkurugenzi hakuwemo. Alinuna, lakini akakubali.

Msimamizi wa ujenzi ndiye aliyewasilisha sehemu ya mbinu. Si msemaji mzuri. Alisema "yaani" mara nyingi mno. Lakini alipoulizwa bomba likipasuka usiku itakuwaje, alijibu valvu ya kufunga iko wapi, kwa sababu siku ya kutembelea eneo alikuwa ameitafuta. Jibu kama hilo huwezi kulitoa kwa niaba ya mtu mwingine. Tahadhari moja hapa: usiweke jina la mtu ambaye pia umemweka kwenye zabuni nyingine inayoendelea kwa muda uleule. Kamati huuliza, na ukishinda zote mbili utamtoa wapi?

Uzoefu nikauweka wa tatu, nao ukawa slaidi 2. Miradi 3 badala ya 14, na kila mradi ulikuwa ushahidi wa jambo moja tulilokwisha kusema. Mmoja ulithibitisha kizuizi cha vumbi, mwingine kushirikiana geti, wa tatu ujenzi wa ghorofa za ukubwa ule. Kwa kila mradi: tarehe ya kumaliza kwa mkataba, tarehe tuliyomaliza kweli, na mtu wa kumpigia. Mmoja kati ya hiyo tulichelewa wiki 5, na tuliandika hivyo pamoja na sababu: tuliagiza lifti baada ya kumaliza boma, badala ya kuiagiza mwanzoni. Ofisini kulizuka ubishi mkubwa juu ya mstari huo. Hoja yangu ilikuwa kwamba kamati itapiga simu na kuambiwa hivyohivyo, afadhali waisikie kwetu kwanza, na waone kwamba kwenye ratiba ya kazi yao lifti inaagizwa mwezi wa pili.

Bei ikaja mwisho, lakini si kama jumla iliyodondoka kutoka mbinguni. Zabuni ile bei zilikuwa zimeshafunguliwa, kwa hiyo tuliruhusiwa kuzizungumzia. Nilionyesha ni wapi mbinu zetu zinaonekana kwenye bei: kizuizi, feni, mlinzi wa geti na kazi za usiku vyote viko kwenye gharama za awali, na ndiyo maana gharama zetu za awali ziko juu. Kisha nikaorodhesha tulichokijumuisha na tusichokijumuisha, kwa mfano kuhamisha vitanda. Mjumbe mmoja akasema kuna mzabuni mwenye gharama za awali ndogo zaidi. Nikamwomba tu aangalie kama za huyo zina kizuizi na feni ndani yake. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Hakikisha pia jumla ya kwenye slaidi ni ileile ya kwenye fomu ya zabuni, na useme wazi kama kodi imo. Nimewahi kuona tofauti ya kukadiria desimali ikazua maswali ya dakika 6.

Ikiwa zabuni ni ya bahasha mbili, yaani ya kiufundi na ya fedha kando, sehemu hii yote inatoka. Hata sentensi ya "tumepunguza gharama" iondoe, kwa sababu tarakimu moja ya bei kwenye bahasha ya kiufundi inaweza kukutoa kabisa. Na kuna mtego ambao wengi hawaujui: ukinakili chati kutoka Excel na kuibandika kwenye PowerPoint kwa chaguo la "Embed Workbook", kitabu kizima cha hesabu kinaingia nayo. Anayelipokea faili anabofya chati, anachagua kuhariri data, na mbele yake yako makadirio yako pamoja na faida yako. Chati ya ratiba yenye safu ya gharama iliyofichwa ni hatari hiyohiyo. Bandika kama picha, kisha tuma PDF.

Kuna wakati mpangilio huu haufai. Nyaraka zikisema uzoefu uanze, anza na uzoefu. Mjumbe anajaza fomu ya alama kwa mfuatano wake na ukimlazimisha kutafuta, atakupa anachokiona. Hapo nabakiza mfuatano wao, ila nafupisha uzoefu uwe slaidi 2 zilezile na kila mradi naufunga kwa sentensi inayotaja geti lao au ukuta wao.

Safari ile slaidi zilikuwa 15. Ya mwisho haikuandikwa "Asanteni." Slaidi ya mwisho ndiyo inayobaki ukutani muda wote wa maswali, kwa hiyo tulirudisha ile ramani ya mwanzo, safari hii ikiwa na kizuizi, njia ya malori na mahali pa valvu vikiwa vimechorwa. Maswali 7 kati ya 9 waliyotuuliza yalijibiwa kwa msimamizi kunyanyuka na kuweka kidole juu yake.