Kalamu iliyokatwa kwa wembe

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mlinzi wa usiku Maskati, mwaka wa 4 sasa. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza ni mvuvi Pangani. Mwaka jana aliniomba hela ya nyavu nami sikuwa nayo. Tangu hapo nikimwandikia hujibu "poa" tu. Nimeanza kumtungia shairi, maana shuleni tulitunga pamoja, lakini nikilisoma halina ladha. Nakumbuka siku nilipokosa kalamu ya risasi, akaikata yake kwa wembe akanipa kipande kirefu. Ubeti wangu ni huu, nisaidie:*

*Rafiki nakukumbuka, tangu siku za shuleni,*
*Tulikuwa tukicheka, na kucheza uwanjani,*
*Mtoni tukaogelea, bila kuogopa kitu,*
*Urafiki ni hazina, hauna mwisho duniani.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nilisimama pale kwenye wembe. Shairi lako liko pale, wala si uwanjani. Kucheka na kucheza ni kwa kila aliyepita shule, ila kalamu ile mnaijua wawili tu.

Tuanze na mizani, kwa kuwa mwenzako ni mtunzi na atahesabu. Tarbia mliyozoea, ya mishororo minne, ina mizani, yaani silabi, 8 ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 utao, nusu ya pili. Mishororo yako miwili ya kwanza imetimia. Wa tatu umezidi: "Mtoni tukaogelea" ni 9, kwa sababu ile *m* ya "mtoni" ni silabi inayojitegemea, tofauti na *mbu* ya "nakukumbuka" inayotamkwa kwa pigo moja. "Hauna mwisho duniani" nayo ni 9. Gonga meza kwa kidole huku ukisoma polepole, utasikia pigo la ziada. Na vina vya -ka na -ni ulivyoanza navyo vimekukimbia katikati ya ubeti.

Sasa tuiingize kalamu. Nilianza hivi: "Wembe ulipoikata, kalamu yako shuleni." Nane kwa nane. Mshororo wa pili ukanigomea. Nilitaka "kwako kifupi mkononi", ikawa 9, *m* ile ile. Nikakimbilia neno la wazee, chanda, yaani kidole, likaingia sawasawa:

Wembe ulipoikata, kalamu yako shuleni,
Kirefu nikakipata, kwako kifupi chandani,
Leo usiku wapita, ningali macho kazini,
Kirefu bado ni changu, mgao sijasahau.

Mshororo wa mwisho ndio kibwagizo, utaurudia kila ubeti, kwa hiyo vina vyake si lazima vifuate vya juu. Hapo awali niliandika "deni lako sijalipa". Lilikuwa tamu, nikalifuta. Mtu aliyekuomba hela ya nyavu akakosa, akisikia neno deni ataelewa kwamba sasa unaleta. Usimwahidi kwa shairi usichokuwa nacho mfukoni. Habari ya nyavu mpigie simu, mwambie wazi kwamba siku ile hukuwa nazo, na kama leo una kidogo mwambie ni kiasi gani. Fanya hivyo kabla ya kumpelekea shairi, asije akadhani unamfunika macho kwa maneno matamu.

Na ule mshororo wako wa hazina uondoe kabisa. Ni maneno ya kanga, na ile "poa" yake haitokani na kutojua thamani ya urafiki. Ameumia. Badala yake mpe Maskati yako ilivyo: unakaa wapi usiku kucha, unasikia nini saa tisa, joto linakufanyaje. Yeye naye hukesha baharini. Ubeti mmoja wa usiku wako na wake utamfikia kuliko kumi za kumsifu. Usiorodheshe ulichonunua huko, wala usilie sana. Beti nne au tano zinatosha.

Ukimaliza usimtumie maandishi. Lighani kwa sauti yako, umtumie ujumbe wa sauti asubuhi akishatoka pwani. Shairi letu ni la kusikiwa, na sauti itamwonyesha kwamba umekaa ukaligonga pigo kwa pigo. Tangu enzi za Muyaka pale Mombasa, watu wamekuwa wakijibizana kwa mashairi, mmoja akitupa, mwenzake anadaka na kurudisha. Kwa hiyo mwachie mlango. Mtu anayejibu "poa" huenda hana la kusema kuhusu hela, lakini mtunzi akiulizwa kwa vina, vidole vyake huanza kuhesabu vyenyewe.

Ubeti wa mwisho muulize kile kipande kifupi kiliishia wapi.